Mita Mia Tatu, Kisha Simama

Madamu Eseza, mkuu wa shule yetu, alinikuta stoo nikijaza mipira upepo. Hakuingia. Alisimama mlangoni.

"Afande, mkaguzi anakuja Alhamisi. Akiandika kwamba hufai, Ijumaa unarudi Jinja."

"Nimeelewa, Madamu."

"Si mimi ninayetaka hivyo. Ni karatasi. Huna hata moja."

Alisema kweli. Shule niliiacha darasa la sita. Miaka ishirini na miwili nilikuwa askari magereza kule Jinja, na kumi kati ya hiyo nilifundisha timu ya riadha ya askari wenzangu. Nilipostaafu nilikaa kibarazani nyumbani Masese, huko huko Jinja, miezi minane nikitazama watu wakipakua samaki, nikaona nitaoza. Shule hii ya Nakaloke, nje kidogo ya Mbale, ilihitaji mtu wa michezo, wakanichukua bila cheti. Nilipanga chumba, nikaanza kazi. Watoto wananiita Afande mpaka leo ingawa gwanda nimelivua.

Kazi niliipenda. Lakini mtaala mpya hautaki mtu wa kupiga filimbi tu. Unataka mwalimu awaeleze watoto mwili unapata wapi nguvu za kukimbia, kwa oksijeni na bila oksijeni, na awaonyeshe uwanjani. Mimi nilijua kukimbia. Kueleza sikujua.

Mwalimu wa biolojia, Jamiru, kijana wa miaka ishirini na saba, alinifundisha jioni tatu mfululizo, nyuma ya maabara. Alichora kwenye karatasi za mtihani zilizotumika. Nilimkatiza kila alipoingiza jina refu.

"Niambie kama unamwambia mpishi," nilimwambia.

Basi akaniambia kama anamwambia mpishi. Alhamisi asubuhi nilikuwa na kila kitu kichwani.

Mkaguzi aliitwa Hajji Mubaraka. Alikuja na kiti chake mwenyewe cha kukunja, akakiweka kwenye mstari wa katikati ya uwanja, akakaa na karatasi juu ya goti. Madamu Eseza alisimama nyuma yake. Kidato cha pili walikuwa ishirini na wanne, wa miaka kumi na minne hadi kumi na sita, na mbele kabisa alikuwa Shamira, msichana mwembamba mwenye mbio kuliko wavulana wote wa shule. Alivaa hijabu fupi nyeupe na suruali ya michezo. Kwa kutii nilimpenda kuliko wote. Nikisema ruka, anauliza mpaka wapi.

"Anza," alisema Hajji.

Kwanza niliwakimbiza mita thelathini, wanne wanne, kwa kasi yote. Ivy, msichana mnene anayechukia mbio, nilimpa saa ya kupimia, naye alisoma namba kwa sauti kama hakimu. Sekunde tano. Tano na nusu. Sita.

"Ronnie," nilimwita mmoja wa wavulana, "ulipokimbia ulipumua mara ngapi?"

"Sikupumua, Afande. Nilikuwa namkimbia Ivy asinipime."

Wakacheka. Hajji hakucheka.

"Vizuri. Hukupumua, lakini miguu ilikwenda. Nguvu imetoka wapi?"

Ronnie aliitazama miguu yake.

"Ndani ya msuli kuna akiba ndogo iliyokwisha kuwa tayari. Jina lake ni kreatini fosfeti. Ni kama njiti ya kiberiti. Inawaka hapo hapo, haingoji hewa, na haidumu. Sekunde kama kumi ukikimbia kwa nguvu zote, imekwenda karibu yote. Ukipumzika dakika tatu au zaidi, karibu yote inarudi."

Niliwapumzisha dakika tatu, wakakimbia tena. Namba za Ivy zilirudi karibu zile zile. Kisha nikawakimbiza mara nne mfululizo, mapumziko sekunde kumi tu. Namba zikaharibika moja baada ya nyingine, sita, sita na nusu, saba, na Ronnie akakaa chini.

"Mnaona? Kiberiti hakijapata muda wa kujaa."

Hajji aliandika. Sikujua anaandika nini.

Ya pili ilikuwa mbio za kuimba. Hii niliitoa magerezani. Huko tunakimbia kwa mistari miwili, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na mtu akiacha kuimba tunajua pumzi imemshinda. Madamu Eseza alikuwa amenionya mapema: "Wazazi wengine hapa wakisikia Kiswahili kinaimbwa huku miguu ikipiga chini, wanakumbuka wanajeshi na bunduki." Nikamwambia tutaimba habari ya ndizi.

"Nani amepika matoke?" nilianzisha.

"Mama!" waliitikia, miguu ikipiga chini pamoja.

"Nani ameyamaliza?"

"Ronnie!"

Dakika sita tulizunguka hivyo, polepole, hata Ivy akiwa ndani. Nikawasimamisha, kila mmoja akaweka vidole viwili pembeni mwa koo, Ivy akahesabu sekunde kumi na tano. Wengi walipata mapigo thelathini na tatu, thelathini na nne.

"Zidisha kwa nne."

"Mia thelathini na kitu," alisema Shamira.

"Na mlikuwa mnaimba. Maana yake hewa mnayovuta inatosha. Msuli unachoma sukari na mafuta kwa oksijeni, taratibu, kama sigiri yenye mkaa uliokolea. Njia hii inaweza kukupeleka saa nzima."

Tukarudi mbioni, safari hii nikaongeza kasi kila mzunguko. Wimbo ukaanza kukatika. "Ma..." wakasema. Kisha midomo tu ikawa wazi. Kisha hakuna aliyeimba.

"Hapo!" nilipiga kelele. "Hapo wimbo ulipokufa! Mwili unataka nguvu haraka kuliko oksijeni inavyoweza kuzileta. Sasa unavunja sukari nyingi zaidi bila oksijeni. Ni haraka, lakini inaacha asidi kwenye msuli, na paja linaungua."

Ronnie aliinua mkono akiwa ameinama, anahema. "Afande, lakini moto bila hewa unazima. Hata mama yangu anajua."

Watoto wote wakanitazama. Hajji naye aliinua uso kwa mara ya kwanza.

"Unazima," nilisema. "Basi mfano wa moto umefika mwisho, utupe. Msuli si sigiri. Wenyewe unaweza kuvunja sukari bila hewa, ila unapata nguvu kidogo sana kwa kila punje ya sukari."

"Bwana mwalimu," alisema Hajji. Hakuniita Afande. "Walipokuwa wanaimba, ile njia isiyo na oksijeni ilikuwa imefungwa?"

Hilo ndilo Jamiru aliniambia wataniuliza. "Hapana, Hajji. Zote zinafanya kazi wakati wote. Kinachobadilika ni ipi inabeba mzigo mkubwa. Hakuna swichi."

Aliandika tena. Nilimwona Madamu Eseza akiinamia karatasi kutoka nyuma yake, kisha akanitazama na kuniitikia kwa kichwa kidogo sana. Nilijua nimebakisha hatua moja.

Hatua hiyo ilikuwa mita mia tatu kwa nguvu zote. Niliwapumzisha kwanza, wakanywa maji. Nikagawa darasa makundi mawili: kumi na wawili wakimbie, wengine watazame. Nilitaka wafike mwisho wakiungua, na wahesabu mapigo pale pale kabla hayajashuka, ili waone tofauti na mbio za kuimba. Nilitaka namba kubwa mbele ya mkaguzi. Hilo lazima niliseme.

"Shamira, usibakishe kitu."

"Ndiyo, Afande."

Hakubakisha. Mita mia mbili za kwanza alikimbia kama amefunguliwa kamba, kisha nikaona mabega yakipanda, mikono ikikaza, uso ukibadilika. Alimaliza kwa sekunde hamsini na mbili, mbele ya Ronnie hatua nane. Wengine wakafuata wakiyumba.

Magerezani, mbio zikiisha, kinachofuata ni hesabu. Lazima ujue umetoka na wangapi na umerudi na wangapi. Mtu hatembei-tembei, hashiki magoti, hakai. Anasimama kwenye mstari mpaka ahesabiwe. Miaka ishirini na miwili. Sikufikiri hata kidogo.

"Laini moja! Mkono shingoni! Kaa imara!"

Wavulana waliburuta miguu. Ronnie aliendelea kutembea akizunguka, mikono kiunoni. "Nakuja, Afande, nakuja." Shamira alisimama wima papo hapo, visigino vimegusana, vidole viwili kooni.

"Hesabu!"

Ivy alihesabu. Sekunde kumi na tano zikaisha. Watoto wakaanza kutaja: arubaini na tano, arubaini na saba.

"Shamira?"

"Arubaini na..." alisema. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nikaona macho yakitazama kitu ambacho hakipo. Nilikuwa hatua sita kutoka kwake. Nilikimbia, nikawahi kichwa tu kisigonge chini.

Msichana mmoja alipiga ukunga. Madamu Eseza alikuja mbio na viatu vyake vya visigino.

"Mwinue! Mkalishe!"

"Hapana, Madamu, alale."

"Mleteeni maji, mmwagieni!"

"Msimmwagie maji!" nilipiga kelele, na sijawahi kumpigia kelele mkuu wa shule kabla. "Ivy, nishikie miguu yake, iinue juu. Juu zaidi. Wengine rudini nyuma, mnamzibia hewa."

Niliweka sikio karibu na pua yake. Anapumua. Vidole vyangu kooni mwake, mapigo yapo. Ivy alishika visigino kiunoni kwake kama anabeba machela, machozi yanamtoka. Nilihesabu kimya. Kumi. Kumi na tano. Sekunde ishirini zinaweza kuwa ndefu kuliko kazi yote ya mtu.

Shamira alifungua macho. "Nimehesabu vibaya, Afande?"

Nilimfuta vumbi shavuni.

Tulimwacha amelala. Rangi ilirudi mdomoni. Muuguzi wa shule alikuja, akampima, akasema asiinuke mpaka dakika kumi zipite, na jioni apelekwe zahanati aangaliwe moyo. Hajji Mubaraka alikuwa amesimama, karatasi mkononi.

"Kwa nini ameanguka?" aliuliza. Hakuinua sauti.

Madamu Eseza alijibu kabla yangu. "Watoto hawa wanakuja bila chai, Hajji. Tumelia na wazazi mpaka tumechoka. Si ndiyo, Afande?"

Alinitazama. Macho yake yaliniomba. Nilijua ananirushia kamba, na anajirushia mwenyewe pia, maana ni yeye aliyeniajiri bila karatasi. Ilikuwa rahisi. Watoto wengi kweli wanakuja bila chai.

"Nimekunywa chai," alisema Shamira kutoka chini. "Na muhogo."

"Nyamaza upumzike," Madamu alimwambia.

Ivy alikuwa bado ameshika miguu. Ishirini na wawili wengine walikuwa wananitazama, na Ronnie hakuwa na mzaha wowote.

"Nimemwangusha mimi," nilisema.

"Kivipi?"

"Mtu akikimbia hivyo, mishipa ya miguuni inafunguka, damu nyingi inakwenda huko. Msuli wa mguu ukitembea unakamua damu, unairudisha juu kwenye moyo. Mimi nimemwambia asimame kama mlingoti. Msuli ukaacha kukamua, damu ikabaki miguuni, kichwa kikakosa. Ronnie alitembea, ndiyo sababu Ronnie amesimama. Shamira alinitii."

"Ulikuwa unajua hayo kabla?"

Hapo ndipo pagumu. "Nilikuwa najua kwamba watu wanaanguka kwenye laini. Magerezani walianguka. Tulisema ni wavivu. Hayo ya damu Jamiru aliniambia juzi, nikayapita, kwa sababu nilikuwa nasubiri yale utakayoniuliza wewe."

Madamu Eseza aligeuza uso.

Hajji alirudi kitini. Alifikiri, kisha akasema, "Kundi la pili bado. Unaendelea au unaacha?"

Sikujua jibu analotaka. Nikaacha kulitafuta. "Mia tatu hakuna tena leo. Wote tunatembea."

Tukatembea, darasa zima isipokuwa Shamira na muuguzi, mizunguko mitatu bila filimbi. Niliwaambia kwa nini bado wanahema ingawa mbio zimekwisha: mwili unalipia ile kazi uliyoifanya bila oksijeni kutosha, unajaza tena kiberiti, unasafisha asidi, na kutembea kunausaidia kuliko kusimama. Walihesabu mapigo wakitembea. Baada ya dakika tano, waliokuwa arubaini na saba walikuwa ishirini na tisa. Hakuna aliyeanguka. Ilikuwa ndiyo sehemu nzuri ya somo, na nilikuwa siisikii raha.

Ofisini Hajji alitusomea karatasi. Maelezo ya mwalimu: sahihi. Wanafunzi wameelewa: ndiyo. Usalama: hapo alikuwa hajaandika.

"Siwezi kuandika ndiyo," alisema. "Na nikiandika hapana, amekwenda. Huyu ameniambia kitu ambacho wenye digrii hawaniambii. Madamu, nitapita tena Jumatatu kuchukua karatasi. Mstari huu ujaze wewe."

Alipoondoka, Madamu Eseza aliisukuma karatasi pembeni mwa meza.

"Mimi pia sijazi," alisema. "Nenda kwa mama yake. Mweleze kama ulivyoeleza uwanjani, usipunguze. Akisema mwanawe atakimbia tena chini yako, unabaki. Akisema hapana, usinirudie. Chukua gari la Jinja."

Mama Shamira, jina lake Zulaika, anauza vikapu na mikeka sokoni Nakaloke. Ni Mnubi. Babu yake alikuja na jeshi, baba yake alikuwa jeshini, na Kiswahili chake kinapita changu. Tulikuwa tumetoka zahanati. Daktari aliusikiliza moyo wa Shamira akiwa amelala na akiwa amesimama, akasema ni mzima. Nilimtanguliza binti, nikasimama mbele ya mikeka.

Nilimweleza yote. Mbio, mstari, amri, mguu, damu, kichwa. Sikupunguza. Alinisikiliza akisuka, vidole havikusimama hata mara moja. Wenye vibanda vya jirani waliacha kuongea.

"Ulimwambia asimame," alisema.

"Ndiyo."

"Na wale wengine?"

"Mmoja alitembea. Wengine walisimama nusu nusu, wanajitikisa."

"Wangu alisimama kabisa."

"Ndiyo."

Sasa vidole vilisimama. "Unajua ni nani alimfundisha hivyo? Mimi. Baba yangu alikuwa akiingia nyumbani tunasimama kando ya ukuta, watoto saba, mpaka avue buti. Nikakua nikaona hiyo ndiyo adabu. Nikampa huyu." Alimwonyesha Shamira kwa kidevu. "Ningekuwa nimelea mkaidi, asingeanguka."

"Mama..." alianza Shamira.

"Nyamaza. Afande, angekufa?"

"Angeweza kupasua kichwa. Kwa mtoto mwenye moyo mzima, kuzimia kwenyewe kunapita akilala. Lakini sikujua kama wake ni mzima. Sikumuuliza mtu."

Alinitazama kutoka viatuni mpaka usoni. Nilifikiria Masese, kile kibaraza, wale samaki. Nilijua kwamba akisema hapana atakuwa na haki, na kwamba sitambishia.

"Mnafundisha nini hasa?" aliuliza. "Hizo mbio zinamfaa nini?"

Nilitaka kujibu. Shamira akaniwahi. Alimweleza mama yake kiberiti kinachodumu sekunde kumi, sukari inayovunjwa bila hewa na kuunguza paja, oksijeni inayokupeleka mbali. Alieleza kwamba zote tatu zinafanya kazi pamoja. Alieleza kwa nini mita mia tatu zilimuuma kuanzia katikati na kwa nini Ivy anaweza kuimba polepole saa nzima. Hakukosea hata moja. Mama yake alimsikiliza mdomo ukiwa wazi kidogo, kama mtu anayemsikia mgeni.

"Hayo yote amekufundisha huyu?"

"Na mwalimu Jamiru. Lakini uwanjani ni huyu."

Zulaika alichukua ukili mwingine, akauweka, akauchukua tena.

"Simama hapa," alimwambia binti yake, na Shamira akasimama. "Afande akikwambia simama, na wewe unaona giza, utasema nini?"

Shamira alitazama chini. "Nitasema... nitamwomba..."

"Huombi."

"Nitasema hapana."

"Mwambie yeye. Si mimi."

Msichana aliniinulia macho. Katika miezi yote hakuwahi kunitazama hivyo. "Hapana, Afande."

"Kwa sauti! Askari masikio yao mazito, nimekaa nao."

"Hapana, Afande!"

Mwuza nyanya wa ng'ambo aligeuka. Mtu alicheka. Shamira alifunika mdomo kwa kiganja, lakini hakurudi nyuma.

"Sasa mjibu," Zulaika aliniambia.

Miaka ishirini na miwili hakuna mtu wa chini yangu aliyeniambia neno hilo akabaki amesimama mbele yangu.

"Nimesikia," nilimwambia Shamira. "Usisimame. Tembea."

Zulaika alirudi kwenye ukili wake. "Jumatatu atakuja na viatu vyake," alisema bila kuinua uso. "Mwambie Madamu hivyo."